Kwa nini faili lililofutwa kwenye simu ya Android halirudi

Dawati letu la uchunguzi wa vifaa vya kidijitali limekuwa likipokea malalamiko ya aina moja, na yanazidi kuongezeka. Mwananchi amefuta picha, sauti au nyaraka kwenye simu yake, akampelekea fundi, akalipa, na hakuna kilichorudi. Wengine wamerudishiwa simu ikiwa tupu kabisa. Wanapofika kwetu wanaamini kwamba serikali au maabara kubwa ina mtambo wa kurudisha kila kitu. Mtambo huo hatuna, na makala haya yanaeleza kwa nini.

Nichukue mfano mmoja, nikiondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mhusika. Mwanafunzi wa uzamili alikuwa amerekodi mahojiano yake ya utafiti kwa simu yenye Android 13. Yote yalikuwa kwenye kumbukumbu ya ndani, katika folda moja. Ijumaa jioni, akitafuta nafasi, alifuta folda hiyo kwa programu ya kupangia mafaili isiyo na pipa la taka. Aligundua kosa Jumamosi asubuhi, baada ya simu kulala kwenye chaji usiku kucha. Kumbuka hilo la chaji, nitalirudia.

Fundi wa kwanza alimwekea programu ya "kurudisha vilivyofutwa". Programu ilimwonyesha mamia ya picha, naye akapata matumaini. Zilikuwa vijipicha vya akiba, stika na mabaki ya programu za mawasiliano, yaani mafaili ambayo hayakuwahi kufutwa. Sauti hata moja haikuwemo. Fundi wa pili alimwambia programu imeshindwa kwa sababu simu haijarutiwa, yaani haijafunguliwa ruhusa za mzizi zinazomfikisha mtu kwenye mfumo wote, akafungua butiloda, ile programu inayowasha mfumo wa simu. Hapo kila kilichokuwa kimebaki kwenye simu kikafutika: picha, ujumbe, namba, hadi rasimu za tasnifu.

Dhana ya kwamba kitu kilichofutwa "kipo tu, kimefichwa" haikuanza hewani. Kwenye memori kadi na kwenye simu za zamani ilikuwa kweli. Kufuta kulimaanisha kuondoa jina la faili kwenye orodha na kutangaza kwamba nafasi yake iko wazi. Maudhui yenyewe yalikaa palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Programu za urejeshaji zilipitia kumbukumbu yote, baiti kwa baiti, zikitafuta alama za mwanzo wa faili. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na `ff d8 ff`. Ukiona alama hiyo mahali pasipo na jina la faili, umeipata picha iliyofutwa.

Baadaye simu zikaanza kusimbwa, yaani data zake kugeuzwa zisisomeke bila ufunguo, lakini usimbaji wa kwanza ulikuwa wa kumbukumbu nzima kwa ufunguo mmoja. Mwenye simu akishaingiza pini yake, mfumo ulisimbua kila kitu, pamoja na zile sehemu zilizotangazwa kuwa wazi. Kwa hiyo mchunguzi mwenye simu iliyofunguliwa na yenye ruhusa za mzizi bado aliweza kukusanya mabaki. Wataalamu wengi wa mtaani walijifunza kazi katika kipindi hicho, na ndiyo maana wanaahidi wanachoahidi.

Mwaka 2016 Android 7.0 ilileta usimbaji wa faili kwa faili. Kuanzia Android 10, simu mpya zinazotoka na mfumo huo zinalazimika kuutumia, na Android 13 iliuondoa kabisa ule wa zamani. Ikiwa umenunua simu yako mpya katika miaka ya karibuni, uko hapo, hata kama hukuwahi kugusa mpangilio wowote.

Tofauti yake ndiyo kiini cha makala haya. Hakuna tena ufunguo mmoja unaofungua kumbukumbu nzima. Kwa mpangilio wa kawaida, kila faili lina ufunguo wake. Ufunguo huo haujaandikwa popote. Unakokotolewa kila faili linapofunguliwa, kutokana na vitu viwili. Cha kwanza ni ufunguo mkuu, ambao umefungwa kwa pini au mchoro wako pamoja na siri iliyo ndani ya eneo salama la kichakataji. Cha pili ni namba ya bahati nasibu ya baiti 16, iliyotengenezwa siku faili lilipoundwa na kuwekwa kwenye inodi, yaani kile kijirekodi kidogo ambamo mfumo hutunza habari za faili husika. Kikikosekana kimoja kati ya viwili, ufunguo wa faili haupatikani.

Unapofuta faili, inodi yake inaachiliwa itumike kwa faili jingine. Ile namba ya baiti 16 inapotea nayo, na ufunguo uliokuwa umeshakokotolewa unaondolewa kwenye kumbukumbu ya muda. Kuanzia hapo maudhui, hata yakiwa bado yamekaa kwenye chipu, ni baiti zisizo na maana. Kujaribu kukisia ufunguo wa biti 256 si kazi ya kompyuta yoyote iliyopo, na naomba tusiulizwe tena kama kompyuta "kubwa zaidi" ingeweza.

Tuliwahi kulionyesha hili kwa simu ya majaribio tuliyoiruti kabla ya kuweka chochote ndani yake. Tulipiga picha, tukaisoma kwanza kwa njia ya kawaida kupitia mfumo, kisha tukaenda kusoma mahali palepale moja kwa moja kwenye hifadhi, chini ya mfumo wa mafaili. Baiti 16 za kwanza zilionekana hivi:

```
kupitia faili:   ffd8 ffe1 1c45 4578 6966 0000 4949 2a00
kwenye hifadhi:  7b0e c4a1 93d2 5f68 e80b 2ac7 b16d 04f9
```

Mstari wa kwanza ni picha inayojitambulisha. Wa pili ni picha ileile, tena ikiwa haijafutwa. Programu ya urejeshaji inayotafuta `ff d8 ff` itapita juu ya mstari wa pili bila kujua kwamba imepita kwenye picha. Simu ilikuwa imefunguliwa, pini tunaijua, ruhusa za mzizi tunazo, na bado. Hapo ndipo wengi wanapokwama kuelewa: kutoa pini yako kunasaidia kufungua mafaili yaliyo hai tu, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo namba zake bado zipo.

Sasa lile la chaji. Simu ikiwa imetulia na imechomekwa, kwa kawaida usiku, Android huendesha kazi ya matengenezo iitwayo `fstrim`. Kazi hii huiambia chipu ya hifadhi ni sehemu zipi hazitumiki tena, na chipu inakuwa huru kuzisafisha. Ukisoma sehemu hizo baadaye, mara nyingi unapata sifuri tupu. Simu nyingine hufanya hivyo muda mfupi tu baada ya kufuta, bila kusubiri usiku. Kwa yule mwanafunzi, basi, hata zile baiti zisizosomeka yaelekea hazikuwepo tena Jumamosi asubuhi.

Kurudisha faili kama hilo karibu haiwezekani, lakini sisemi haiwezekani kabisa, kwa sababu moja. Baadhi ya mifumo ya mafaili, hasa F2FS, huandika mambo mapya mahali papya, hivyo nakala ya zamani ya inodi inaweza kubaki kwa muda kabla ya kusafishwa. Mchunguzi anayeweza kupata ufunguo mkuu kutoka simu husika, na akaiwahi nakala hiyo, anaweza kuokoa kitu. Mambo hayo mawili hukutana kwa nadra sana, na si huduma ya kumuuzia mwananchi.

Kuhusu kuruti, niseme wazi kwa sababu hasara hapa ni kubwa. Kwenye simu za kawaida, kufungua butiloda hufuta data zote za mtumiaji pamoja na funguo zake. Skrini yenyewe inaonya kabla hujabonyeza kukubali. Fundi anayekwambia aruti simu ili arudishe picha anakupendekezea kuharibu ulichobaki nacho. Kurudisha simu kwenye hali ya kiwandani ni hivyohivyo: funguo zinatupwa, na mjadala umekwisha.

Kinachowezekana ni kutafuta nakala nyingine. Ukifuta picha kupitia programu ya picha, tangu Android 11 mara nyingi huhamishiwa kwenye pipa la taka na kubadilishwa jina kuanza na `.trashed-`, ikikaa siku 30. Picha zilizokwisha kupakiwa Google Photos hukaa kwenye pipa lake siku 60. Hapo faili halijafutwa bado, ndiyo maana linarudi. Faili ulilowahi kumtumia mtu kwa WhatsApp linaweza kuwa bado kwenye simu yake. Memori kadi ambayo haikuunganishwa kuwa sehemu ya kumbukumbu ya ndani kwa kawaida haisimbwi, na hiyo tunaweza kuifanyia kazi kwa njia za zamani. Itoe mara moja, usiandike chochote juu yake. Mwanafunzi wetu alipata mahojiano machache aliyokuwa amemtumia msimamizi wake. Bekapu ya Google alikuwa ameiwasha, lakini ile inayohifadhi mipangilio, ujumbe na data za programu haibebi kila folda ya sauti uliyojiundia. Fungua akaunti yako kwenye kifaa kingine na uangalie kwa macho kama faili lipo. Ukiona tu kitufe kimewaka, hujathibitisha kitu.

Wanaotaka kuleta kifaa dawatini wafuate utaratibu huu, kwani maombi yasiyokamilika hatuyapokei. Mwombaji aje mwenyewe, na kitambulisho chake cha taifa. Alete uthibitisho wa umiliki, yaani risiti au boksi lenye namba ya IMEI inayolingana na ile inayotokea ukibonyeza `*#06#`. Simu iletwe ikiwa imezimwa, na isichajiwe tena tangu faili lilipofutwa. Fomu ya ridhaa husainiwa mbele ya ofisa, na mwombaji huandika kwa mkono wake faili gani limefutwa, kwa programu ipi, lini, na nani mwingine ameshika simu tangu hapo. Kipengele hicho cha mwisho hujazwa vibaya kuliko vyote. Ukificha kwamba fundi ameshairuti, tutaligundua hilo ndani ya dakika chache, na utakuwa umepoteza muda wako na wetu.

Tunapokea pia maombi ya kurudisha ujumbe kwenye simu ya mume, mke au mfanyakazi bila yeye kujua. Hatufanyi. Chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini ni kosa, na simu imo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tatu au mara tatu ya thamani ya manufaa yaliyopatikana, kubwa kati ya hizo, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Ndoa haijatajwa kuwa idhini. Ikiwa kuna kesi iliyofunguliwa, ombi liletwe na mpelelezi kwa barua na namba ya jalada. Mlalamikaji abaki na simu yake mwenyewe.