Matriksi chanya si matriksi yenye namba chanya

Wiki iliyopita nilihudhuria wasilisho moja kuhusu bei za mazao. Kwenye slaidi ya tatu paliandikwa hivi: "X ni matriksi chanya, yaani namba zake zote ni sifuri au zaidi." Sentensi hiyo nimekutana nayo mara nyingi mno sasa, kwenye ripoti, kwenye rasimu za tasnifu, hata kwenye maelezo ya watu wanaojua kuandika msimbo vizuri. Si kweli, na programu za semidefiniti zote zinasimama juu ya tofauti hiyo moja.

Maana yenyewe ni fupi. Programu ya mstari unaijua tangu kidato cha nne: una vigeu kadhaa, una lengo la kupunguza au kuongeza, una masharti ya mstari, na kila kigeu kinatakiwa kisiwe hasi. Programu ya semidefiniti inabakiza karibu yote hayo. Kinachobadilika ni kigeu. Badala ya orodha ya namba unatafuta matriksi nzima X, iliyo linganifu, yaani namba ya safu ya 1 na nguzo ya 2 ni ile ile ya safu ya 2 na nguzo ya 1. Lengo bado ni la mstari katika vipengele vya X, na masharti ya usawa pia ni ya mstari. Ila pale palipokuwa na "kila kigeu si hasi", sasa pana sharti jingine: hakuna thamani aigeni ya X iliyo hasi, yaani hakuna namba hasi λ ambayo Xu = λu kwa vekta fulani u isiyo sifuri. Huandikwa X ⪰ 0, kwa alama iliyopinda, na kupinda kule kuna maana yake.

Ukilazimisha namba zote za nje ya ulalo mkuu wa X ziwe sifuri, thamani aigeni zake zinakuwa ni zile namba za kwenye ulalo, na unarudi kwenye programu ya mstari ya kawaida. Kwa hiyo programu ya mstari imo ndani ya programu ya semidefiniti.

Sasa majina, kwa sababu ndiyo yanayopotosha. Neno "programu" hapa halihusu kuandika msimbo. George Dantzig, aliyebuni mbinu ya simpleksi mwaka 1947, alikuwa akifanya kazi na jeshi la anga la Marekani, na wanajeshi waliita "programu" mipango yao ya mafunzo, ugavi na usafirishaji. Jina fupi la "programu ya mstari" alilipendekeza mchumi Tjalling Koopmans mwaka 1948. "Aigeni" ni Kijerumani, maana yake "ya mwenyewe": namba ambayo ni mali ya matriksi, haibadiliki hata ukizungusha mihimili ya kupimia.

"Semidefiniti" ndilo lenye mtego. Wanaolitafsiri "nusu-chanya" hufuata Kilatini, ambako semi ni nusu, na msomaji anabaki akijiuliza ni nusu ipi iliyo chanya na ipi iliyo hasi. Hakuna nusu yoyote. Sehemu ya "definiti" inatokana na neno la Kilatini la mpaka, na katika hisabati ilimaanisha kwamba alama ya jibu imekwisha kuamuliwa: chukua vekta yoyote v isiyo sifuri, kokotoa vᵀXv, na jibu litakuwa chanya daima. "Semi" inalegeza jambo moja tu, kwamba jibu linaruhusiwa pia kugusa sifuri. Hasi bado ni marufuku kabisa, na kwa matriksi linganifu hilo ni sawasawa na kusema hakuna thamani aigeni iliyo hasi. Ndiyo maana mimi husema "matriksi isiyo hasi kwa thamani aigeni". Ni jina refu, lakini halidanganyi. Na ile sifuri si jambo la pembeni, kwa kuwa jibu bora la programu hizi hukaa mpakani, mahali ambapo thamani aigeni moja au zaidi imefika sifuri.

Turudi kwenye slaidi. Chukua matriksi yenye safu (1, 2) na (2, 1). Namba zake zote ni chanya. Weka v = (1, −1), ukokotoe: 1 − 2 − 2 + 1 = −2. Thamani aigeni zake ni 3 na −1, kwa hiyo haikubaliki. Sasa chukua yenye safu (2, −1) na (−1, 2). Ina hasi mbili ndani, lakini thamani aigeni zake ni 1 na 3, na inakubalika bila shaka. Kuangalia namba moja moja hakuwezi kukuhakikishia kwamba matriksi inakubalika.

Mfano wa bei unaonyesha kwa nini sharti hili lipo. Tuseme kuna masoko matatu ya mahindi, A, B na C. Mgawo wa uhusiano wa bei kati ya A na B ni 0.6, na kati ya B na C ni 0.8. Kati ya A na C hatuna, kwa sababu kumbukumbu zao hazikuwahi kuandikwa kwa miezi ile ile. Tuiite x. Je, x ndogo kabisa inayowezekana ni ipi? Anayefikiri kwa programu ya mstari atasema mgawo wa uhusiano uko kati ya −1 na 1, basi jibu ni −1. Jaribu basi −0.2 tu, wala usifike −1. Sawazisha bei ili variansi ya kila soko iwe 1, kisha tengeneza mchanganyiko huu: 0.6 ya A, toa B moja nzima, ongeza 0.8 ya C. Variansi ya mchanganyiko huo ni vᵀXv, ambapo X ni matriksi ya migawo hiyo, yenye 1 kwenye ulalo mkuu, na v = (0.6, −1, 0.8). Ukizidisha yote, namba nyingi zinafutana na kinabaki 0.96x. Kwa x = −0.2 unapata −0.192. Variansi ni wastani wa miraba, haiwezi kuwa hasi. Basi −0.2 haiwezekani, na kwa hoja ile ile x yoyote iliyo chini ya sifuri haiwezekani.

Je, sifuri yenyewe inawezekana? Kibainishi cha matriksi hii ni x(0.96 − x), na x ikiwa 0, thamani aigeni zake ni 0, 1 na 2. Hakuna hasi. Kwa hiyo x inaanzia 0 na kuishia 0.96, na kwenye ncha zote mbili kuna thamani aigeni iliyogusa sifuri. (Usikimbilie kibainishi peke yake kama kipimo. Thamani aigeni mbili hasi zikizidishwa hutoa chanya, na utapitisha matriksi mbovu.)

Angalia kilichotokea pale. Vekta moja, (0.6, −1, 0.8), ilitupa sharti moja la mstari, 0.96x ≥ 0, na sharti hilo likatosha kuthibitisha jibu. Kila v hutoa sharti lake la mstari juu ya X, kwa kuwa v ni namba tunazozijua na X ndiyo tunayoitafuta. Kwa hiyo programu ya semidefiniti ni programu ya mstari yenye masharti yasiyo na idadi, moja kwa kila v. Masharti machache ya mstari huchonga umbo lenye kuta bapa na pembe, na mbinu ya simpleksi hutembea kutoka pembe hadi pembe. Masharti yasiyo na idadi hulainisha kuta. Kwa matriksi ya 2 kwa 2 umbo lenyewe ni kama karatasi ya muuza karanga iliyokunjwa: lina ncha chini, na ukuta wake ni mviringo. Simpleksi haina pembe za kutembelea hapo, ndiyo maana vitatuzi vingi vya programu hizi hupita ndani ya umbo na kuukaribia ukuta pole pole.

Kwa sababu ya ukuta huo uliopinda, mambo mawili unayoyategemea kwenye programu za mstari hayakuhakikishiwi tena. La kwanza, ukiweka sehemu rahisi kama 0.5 na 0.6 mahali pa 0.6 na 0.8, x ndogo kabisa ni 0.3 − √0.48, takriban −0.393, namba isiyoandikika kama sehemu. Programu ya mstari yenye jibu bora, na ambayo namba zake zote zinaandikika kama sehemu, ina jibu bora linaloandikika kama sehemu. La pili ni zito zaidi: jibu bora linaweza lisifikiwe kamwe. Punguza a katika matriksi yenye safu (a, 1) na (1, c). Sharti ni a × c ≥ 1, huku a na c zote zikiwa chanya, kwa hiyo a = 0.001 inakubalika ukiweka c = 1000, na unaweza kuendelea hivyo bila mwisho, lakini a = 0 haikubaliki. Ukiona kitatuzi kinaripoti namba inayovimba kupita kiasi huku lengo likisogea kidogo kidogo, shuku jambo hili kabla ya kulaumu data.

Kwenye msimbo, kosa la slaidi ile ni la alama moja. Kwa CVXPY, maktaba ya Python ya kutatua programu kama hizi, mfano wetu unaandikwa hivi:

```python
import cvxpy as cp
X = cp.Variable((3, 3), symmetric=True)
masharti = [X >> 0, cp.diag(X) == 1,
            X[0, 1] == 0.6, X[1, 2] == 0.8]
print(cp.Problem(cp.Minimize(X[0, 2]), masharti).solve())
```

Alama `>>` ndiyo sharti la thamani aigeni. Ukiandika `X >= 0` umesema kila kipengele kisiwe hasi, na hiyo ni programu ya mstari tu. Kinachonisumbua ni kwamba kwa 0.6 na 0.8 alama zote mbili hutoa sifuri, moja kwa haki na nyingine kwa bahati, na usipojaribu mara ya pili hutagundua. Badili `Minimize` iwe `Maximize`: `>>` itakupa karibu 0.96, na `>=` itakupa `inf`, yaani isiyo na kikomo, kwa sababu hakuna kinachoizuia x kupaa. Usishangae pia ukipima thamani aigeni za jibu na kukuta moja ni hasi kidogo sana, kama −0.000001. Hiyo ni desimali za mashine kwenye ukingo, si kuvunjwa kwa sharti.

Kwa aliyewasilisha, kazi yako ya bei ni nzuri na mfumo ulioujenga hauhitaji kuanzwa upya. Kwenye slaidi ya tatu andika "thamani aigeni zake zote" mahali pa "namba zake zote", weka `>>`, kisha endesha tena kwa 0.5 na 0.5. Utapata −0.5 mahali ambapo ile ya zamani ingekupa 0.