"Andika chochote" si heshima kwa msimamizi wako

Wiki hii nimekutana nalo tena. Dada mmoja ninayemsaidia kutafuta kazi alinionyesha ujumbe aliomtumia msimamizi wake wa zamani mwezi mmoja na nusu uliopita. Hakujibiwa, na tayari alishaamini kwamba yule mama amembadilikia. Ujumbe wenyewe ulikuwa huu:

"Shikamoo mama. Habari za siku nyingi? Naomba uniandikie pendekezo kwenye LinkedIn yangu. Andika chochote utakachoona kinafaa. Asante sana."

Nikamuuliza kwa nini hakumgusia hata kidogo la kuandika. Akanipa jibu ninalopewa karibu kila mara: "Si adabu kumpangia mkubwa maneno."

Jibu hili limenichosha, na linaniuma kwa sababu wanaolitoa ni watu wenye nia njema kabisa. Ukimwambia mkubwa "andika chochote" unamtwisha kazi yote: akumbuke ulifanya nini, abuni la kusema, akisie unaomba kazi gani, kisha aweke jina lake chini ya maneno hayo mbele ya watu wote.

Hebu mfikirie yule mama. Ameshasimamia watu wengi tangu waachane. Anausoma ujumbe akiwa katikati ya mambo yake, anajisemea "huyu binti alikuwa mzuri, nitamwandikia vizuri nikitulia," anaufunga. Jioni anaufungua tena, anakutana na kisanduku kitupu. Anakumbuka kwamba binti alikuwa mzuri, lakini hakumbuki jambo moja la kulisimulia. Anaahirisha. Baada ya wiki mbili anaona aibu kujibu kwa kuchelewa, na aibu ndiyo inayozaa ule ukimya. Hakuna chuki hapo.

Na akijilazimisha kuandika, matokeo yake ninayajua kabla sijayaona: "Ni mchapakazi, mwaminifu, anashirikiana vizuri na wenzake." Maneno hayo yanamfaa mlinzi, daktari na mhasibu kwa pamoja. Afisa ajira akiyasoma hajui zaidi ya alivyojua kabla ya kuyasoma.

Basi tukakaa kuandika upya. Dada huyu alikuwa karani wa stoo, sasa anaomba kazi ya ununuzi. Nikamwambia asahau sifa zake, anitajie mambo aliyoyafanya ambayo msimamizi aliyaona kwa macho. Hapa tulikaa karibu saa nzima, kwa sababu kila alipofungua kinywa alitoa sifa. "Nilikuwa makini." Makini katika nini? "Katika karatasi." Karatasi zipi? Ndipo ikatoka: alikuwa akilinganisha oda ya ununuzi, hati ya kupokelea mali na ankara ya muuzaji kabla karatasi hazijapelekwa uhasibu. Ukiwa mtu wa ununuzi unajua uzito wa jambo hilo. Mzigo ulioagizwa, mzigo ulioingia na mzigo unaodaiwa ni vitu vitatu, na pesa hupotea pale visipolingana. Hilo ndilo la kumkumbusha mama, maana linamvusha dada kutoka stoo hadi ununuzi bila mtu kulazimika kusema "anaweza kazi mpya."

Ujumbe wa pili ukawa hivi:

"Shikamoo mama. Ni mimi niliyekuwa karani wako wa stoo, Machi 2021 hadi Desemba 2022. Sasa naomba kazi ya ununuzi, na ninakopeleka maombi wanaangalia wasifu wangu wa LinkedIn. Je, ungeweza kuniandikia pendekezo pale? Sentensi nne au tano zinatosha.

Ili usipate taabu ya kukumbuka: mwaka 2021 nilianza kulinganisha oda, hati ya kupokelea mali na ankara kabla hazijaenda uhasibu. Mwaka 2022, ulipokwenda likizo ya wiki tatu, uliniachia funguo na mimi ndiye niliyepokea mizigo. Kwa kazi ninayoomba, la karatasi ndilo litakalonisaidia zaidi. Kama wewe unakumbuka tofauti, tafadhali andika unavyokumbuka.

Najua pendekezo linaonekana na kila mtu pamoja na jina lako. Ikiwa haiwezekani, hata kwa sababu ya kanuni za ofisi, nitaelewa na huna haja ya kunieleza. Ukikubali nitakutumia ombi lenyewe kupitia LinkedIn. Nikilipata kabla ya tarehe 20 nitashukuru sana."

Tarehe na cheo mwanzoni havihitaji maelezo marefu: mama asianze kujiuliza huyu ni nani na ilikuwa mwaka gani. Idadi ya sentensi nayo ni ya lazima. Kisanduku cha LinkedIn kinapokea hadi herufi 3,000, na mtu asiyeambiwa kiasi hudhani anadaiwa barua nzima.

Mambo yawe mawili. Watu huniletea orodha ya tisa, nami huzikataa. Ukimpa mtu tisa, umemrudishia kazi ya kuchagua, yaani umemrudisha kwenye kile kisanduku kitupu. Na ukishataja mawili, sema wazi lipi linakufaa zaidi. Wengi wanaona haya kusema hivyo, lakini kwa mwandishi hiyo ndiyo nafuu kubwa kuliko zote, maana swali lililobaki linakuwa "nalisemaje hili?" na msimamizi yeyote aliyelishuhudia analo jibu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kweli. Baada ya kuelewa haya, wapo wanaoruka hadi upande wa pili: wanaandika pendekezo zima wenyewe, tamu, lenye sifa zote, kisha wanamtumia msimamizi "abandike tu." Wanadhani wamemrahisishia zaidi. Wamemwekea mtego. Akilibandika jinsi lilivyo, amesema hadharani maneno ambayo si yake, na msomaji mzoefu hulitambua, kwa sababu linafanana na maelezo ya wasifu wako mwenyewe hadi mpangilio wa sentensi. Akitaka kulibadilisha, anaogopa kukuvunja moyo. Ndiyo maana nasisitiza kumpa tukio, mwaka na kazi unayoomba. Sentensi ziwe zake. Tukio humkumbusha na mengine yaliyolizunguka, ambayo wewe huenda huyajui au umeyasahau. Sentensi iliyokamilika inamfunga kwenye yale uliyoyajua wewe.

Hata hivyo nakiri kuna mahali napata shida. Wapo wasimamizi wanaojibu, "Niandikie wewe, nitaweka." Kumkatalia mtu aliyekubali kukusaidia ni vigumu, na kwa miaka kadhaa niliwaambia watu wakatae. Siku hizi sina msimamo huo tena. Nawaambia waandike sentensi tatu kavu, zenye tukio bila sifa, na waache sehemu moja wazi: "hapa naomba uongeze ulivyoliona wewe." Mara nyingine anaongeza, mara nyingine anaibandika na hilo pengo limefutwa tu. Sijaridhika na suluhisho hili, ila sijapata lililo bora.

Kuhusu kumwachia nafasi ya kukataa, nimebishana na wengi. Wanaona ni kumfundisha mtu kusema hapana. Lakini pendekezo la hadharani si sawa na mwajiri kumpigia msimamizi simu na kuongea naye pembeni. Linakaa kwenye wasifu wako likiwa na jina lake, cheo chake na tarehe, na anayelisoma anaweza kuwa bosi wake wa sasa. Baadhi ya mashirika yanawazuia wasimamizi kutoa mapendekezo kabisa, yanaruhusu kuthibitisha cheo na tarehe za ajira tu. Mtu aliyefungwa hivyo, usipompa njia ya kutokea, atanyamaza, nawe utabaki kumhesabia kosa. Ndiyo sababu ile sentensi ya "huna haja ya kunieleza" siikubali kukatwa. Kwa sababu hiyo hiyo, usimtajie kiasi cha fedha, jina la muuzaji wala jina la mteja. Ukimwandikia "niliokoa kiasi fulani kwa muuzaji fulani," unamtaka atangaze siri za ofisi, naye ataogopa ujumbe mzima.

Ombi rasmi lisitangulie. LinkedIn ina kitufe cha kuomba kwenye sehemu ya Recommendations, na inamruhusu tu mtu ambaye tayari mmeunganishwa naye. Ukikibonyeza unaulizwa uhusiano wenu ulikuwa upi na ulikuwa na cheo gani wakati huo. Chagua kwa uangalifu, kwa kuwa pendekezo litaonyesha uhusiano huo na kushikamana na kazi hiyo. Nimeona pendekezo zuri la stoo likikaa chini ya kazi nyingine kabisa kwa sababu mwombaji alibonyeza haraka. Halafu kuna sanduku la ujumbe ambalo watu huliacha na ile sentensi fupi ya mfumo. Ifute, ubandike yale mambo yako mawili tena, ili mama anapofungua kuandika asirudi kuyatafuta kwenye mazungumzo ya zamani. Likishaandikwa halionekani hadharani mpaka ulikubali mwenyewe, na unaweza kuomba marekebisho. Tumia nafasi hiyo kwa kosa la kweli, kama mwaka au cheo. Kumrudishia mtu pendekezo kwa sababu hakutumia neno "hodari" ni kukosa shukrani.

Asipojibu, mkumbushe mara moja tu baada ya siku kumi hivi, ukirudia yale mambo mawili chini ya ujumbe ili asiyatafute. Baada ya hapo acha.

Yule dada alituma ujumbe wake Jumatatu. Kesho yake mama akajibu: "Marhaba mwanangu. Nitakuandikia. Ila nikukumbushe, zile karatasi sikukutuma mimi. Uliona mwenyewe." Dada alikuwa amelisahau hilo kabisa. Lingeandikwa na yeye, lisingekuwepo. Alhamisi pendekezo likaingia:

"Alikuwa karani wangu wa stoo kwa karibu miaka miwili. Siku moja aliniletea ankara ya katoni 40 na hati ya kupokelea ya katoni 36, na hakuna aliyekuwa amemwagiza aangalie. Tangu hapo sikusaini karatasi ya uhasibu kabla haijapita mkononi mwake. Nilipokwenda likizo nilimwachia funguo, na niliporudi sikukuta cha kurekebisha."