Neno moja kwa kila skripti: kujua video fupi ipi inaleta oda

Ukiweka video tatu za bidhaa moja na wiki hiyo ukapata oda 40, unajua umeuza. Usichokijua ni video ipi iliyouza. Kufuatilia mauzo kwa msimbo ni njia ya kulijibu swali hilo: kila skripti, yaani maneno na mpangilio wa video, inapewa neno lake au msimbo wake wa punguzo, na mteja analitaja anapoagiza. Siku ya hesabu unahesabu oda zilizolipwa chini ya kila neno.

Wazo hili ni la zamani kuliko simu ya mkononi. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, wafanyabiashara waliouza kwa njia ya posta walikuwa wakiandika namba tofauti ya idara kwenye anwani ya kila tangazo la gazeti. Mara nyingi idara hizo hazikuwepo. Barua ikifika imeandikwa "Idara ya 12", walijua imetokana na tangazo gani. Neno unalolitaja kwenye video linafanya kazi ileile.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asitumie kiungo tu, kwa kuwa kiungo kinajihesabu chenyewe. Shida ni kwamba kiungo unachoandika kwenye maelezo ya video ya TikTok au Instagram hakibonyezeki, na tangu mwisho wa Agosti 2023 hata viungo vya kwenye maelezo na komenti za YouTube Shorts havibonyezeki. Kinachobaki ni kiungo cha kwenye wasifu, nacho ni kilekile kwa video zako zote. Kitakuambia kwamba mtu ametoka TikTok, lakini hakitakuambia alitazama nini. Tena video fupi hupakuliwa na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, na huko kiungo cha wasifu hakiifuati. Neno lililosemwa ndani ya video husafiri nayo popote iendapo.

Hapa ndipo wengi wanapokosea mwanzoni: wanatoa msimbo mmoja kwa kila akaunti, au kwa kila mwezi. Msimbo wa namna hiyo utakujulisha kwamba TikTok inauza kuliko Instagram, lakini skripti hautaigusa. Ukitaka kupima skripti, neno lifungwe kwenye skripti. Skripti moja ikiwekwa kwenye mitandao mitatu, inabaki na neno lake lilelile.

Kuchagua neno kunahitaji uangalifu kidogo. Liwe neno ambalo mtu akilisikia mara moja anaweza kuliandika bila kuuliza, na lisifanane na maneno mengine unayotumia. Epuka misimbo yenye O na 0, au I na 1, kwa sababu watu huichanganya. Muhimu zaidi, lisiwe neno ambalo mteja angeliandika hata bila kuiona video. Anayeuza taa za kusomea akichagua neno MEZA, kila atakayeuliza "taa ya meza ipo?" ataonekana ametoka kwenye video hiyo. KIPEPEO, NGAZI au DIRISHA ni maneno salama kwake, kwa kuwa hakuna anayeagiza taa kwa kutaja kipepeo.

Mteja naye anahitaji sababu ya kulitaja. Neno lisilo na faida yoyote husahaulika, ndiyo maana wengi huliambatanisha na punguzo. Lakini punguzo lina gharama ambayo watu hawaipigii hesabu. Ikiwa faida yako ni asilimia 30 ya bei, punguzo la asilimia 10 ya bei linakula theluthi ya faida hiyo. Mimi naona ni afadhali kutoa kitu kidogo, kwa mfano waya wa ziada wa kuchajia, kwa anayelitaja neno. Chochote utakachochagua, kiwe kilekile kwa skripti zote. KIPEPEO ikitoa asilimia 15 na NGAZI asilimia 5, utakuwa umepima punguzo, na skripti zako utabaki huzijui kama zamani.

Tuchukue mfano wa taa hiyo ya kusomea. Muuzaji anatengeneza video mbili za sekunde 30. Ya kwanza, yenye neno NGAZI, inaanza na mtu anayeandika usiku, umeme unakatika na chumba kinakuwa giza. Bei haitajwi. Ya pili, yenye neno KIPEPEO, inaanza na mkono ukiwasha taa, na bei inasemwa ndani ya sekunde tano za kwanza. Sehemu nyingine zote zinafanana: msemaji, mwanga, wito wa mwisho, na neno lenyewe, ambalo linasemwa na kuandikwa kwenye skrini katika sekunde ileile. Hilo la mwisho lina uzito wake. Neno likitajwa mapema kwenye video moja na mwishoni kabisa kwenye nyingine, walioacha kutazama katikati hawatalisikia, na skripti hiyo itaonekana dhaifu kwa kosa lisilo lake.

Anazihesabu zote mbili kwa siku saba tangu kila moja ilipowekwa. NGAZI imetazamwa mara 40,000, imeleta meseji 220 na oda 18 zilizolipwa. KIPEPEO imetazamwa mara 12,000, imeleta meseji 96 na oda 24 zilizolipwa. Oda nyingine 10 zimeingia bila neno lolote.

Anayeangalia watazamaji peke yake angeiita NGAZI mshindi na kutengeneza nyingine tano za aina hiyo. Malipo yanasema vingine. Kwa kila mara 1,000 za kutazamwa, NGAZI imeleta oda 0.45 na KIPEPEO imeleta 2. Katika kila meseji 100, NGAZI imeishia na oda 8 hivi, KIPEPEO 25. Na meseji si bure: kila moja inamtaka mtu aisome na kuijibu. Muuzaji huyu amejibu watu 220 ili auze taa 18.

Sababu inapatikana kwenye meseji zenyewe, na ndiyo faida ya kutumia neno linalotumwa inboksi kuliko msimbo unaojazwa kwenye tovuti. Akizisoma za NGAZI, anakuta nyingi zinauliza bei, zinajibiwa, kisha kimya. Mwanzo wa giza unawavuta watu wengi, wakiwemo ambao hawawezi au hawataki kulipa bei hiyo. KIPEPEO inawachuja mapema, na anayetuma meseji tayari anajua kiasi.

Kwa hiyo anaandika skripti ya tatu: mwanzo wa giza, kisha bei mara tu taa inapowaka. Hii ni skripti mpya, inapewa neno jipya, DIRISHA. Baada ya siku saba imetazamwa mara 31,000, imeleta meseji 130 na oda 41. Kwa kila mara 1,000 za kutazamwa ni oda 1.3, chini ya KIPEPEO, lakini imesambaa zaidi na jumla ya oda ni kubwa kuliko zote. Ikiwa video zinasambaa zenyewe bila kulipiwa, jumla ya oda ndiyo inayomfaa, kwa sababu kusambaa nako ni kazi ya skripti. Ikiwa analipia kila mtazamaji, oda kwa kila mara 1,000 ndizo zimwongoze, na KIPEPEO inabaki juu.

Tahadhari moja inahusu idadi ndogo. Oda 9 dhidi ya 15 zinaonekana kama ushindi, lakini tofauti hiyo inaweza kuletwa na bahati tu. Kwa video zilizotazamwa karibu sawa kuna kipimo cha haraka: jumlisha oda za pande mbili, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, kisha zidisha kwa mbili. Tofauti ikiwa chini ya jibu, subiri. Hapa jumla ni 24, kipeuo chake cha pili ni karibu 4.9, mara mbili ni 9.8. Tofauti ya 6 haitoshi. Ingekuwa 14 dhidi ya 31, jibu lingekuwa 13.4 na tofauti 17, hapo unaweza kuamua. Video zilizotazamwa kwa viwango tofauti sana, kama NGAZI na KIPEPEO, kwanza jiulize oda zingegawanyika vipi kama skripti zingekuwa na nguvu sawa. Oda 42 kwa uwiano wa 40 kwa 12 zingempa KIPEPEO kama 10. Amepata 24, na pengo hilo ni kubwa mno kuitwa bahati.

Zile oda 10 zisizo na neno zisigawanywe nusu kwa nusu ili jedwali lipendeze. Ziandikwe "bila neno", na kila mteja wa aina hiyo aulizwe swali fupi kabla ya kulipa: "Ulituona wapi, na unakumbuka video ilikuwa inaonyesha nini?" Wengi hukumbuka picha hata wakisahau neno, kwa hiyo jibu la "ile ya giza" liandikwe kwenye safu yake, pembeni ya maneno yaliyotajwa. Kundi hilo likikaribia nusu ya oda zote, neno halisikiki vizuri au faida ya kulitaja haieleweki, na hilo lirekebishwe kabla ya kulinganisha chochote.

Kinyume chake pia hutokea: neno linatumiwa na watu ambao hawajaiona video. Mteja humwambia rafiki, "taja KIPEPEO upewe waya". Dalili yake ni oda kuendelea kuingia kwa wingi wakati utazamaji wa video umekwisha kupoa. Video iliyosambazwa WhatsApp hutoa dalili hiyohiyo, maana kutazamwa kwa huko hakuhesabiwi popote. Ndiyo sababu kipindi cha siku saba kinasaidia: kinachukua oda za wakati video bado inatembea, kabla neno halijaenea mdomoni.

Lipo na jambo ambalo neno haliwezi kulisema. Mtu anaweza kuitazama NGAZI Jumatatu, akavutiwa, kisha akakutana na KIPEPEO Alhamisi na kuagiza. Oda yote itaandikwa kwa KIPEPEO. Njia ya kuligundua hilo ni kuiondoa NGAZI kwa wiki mbili na kuangalia kama oda za KIPEPEO zinashuka pamoja nayo.

Neno lililokwisha tumika lisirudishwe kwa skripti nyingine. Video ya zamani inaweza kuibuka tena miezi kadhaa baadaye na kuleta meseji za NGAZI wakati muuzaji alishalipatia neno hilo kazi nyingine, na hapo hesabu za skripti mbili huchanganyika kiasi cha kutotenganishika tena. Maneno yapo mengi. Chukua jipya, na uandike kwenye jedwali tarehe lilipoanza kutumika.