Uyoga nyuma ya ndoo: kusoma picha ya mti unaooza

Mama mmoja wa Tanga alinitumia picha tatu za mkrismasi uliosimama kando ya jiko lake. Ilikuwa Septemba. "Mwanangu, mti una donda kubwa na matawi yamepukutika," aliandika. "Tuukate?" Picha mbili alizielekeza kwenye donda, ya tatu kwenye matawi. Mimi macho yangu yalinasa kwenye kona ya chini ya picha ya kwanza, nyuma ya ndoo ya maji: kitu cha kahawia kilichochomoza kwenye shina kama kirafu, ukingo wake mweupe.

Nikipokea picha ya mti huanza chini nikapanda juu. Wenye miti wengi hutazama matawi kwanza, na hapo ndipo wanapopotea.

Kwanza niseme kuhusu matawi yake. Mkrismasi hupukutisha majani wakati wa ukame, kwa hiyo picha ya Septemba yenye matawi matupu haithibitishi ugonjwa. Nilikuza picha nikatafuta vijiti vyembamba vya nchani. Tawi lililopumzika tu huwa navyo vyote. Tawi lililokufa muda mrefu huwa limeviangusha, limebaki kisiki kinene, na gome lake linabanduka. Katika mti huu niliona matawi mawili ya namna hiyo, upande wa barabara. Mengine yote yalikuwa na vijiti vyake.

Donda lilikuwa mbele, kimo cha kifua, mahali palipowahi kufungwa waya wa kuanikia nguo. Lilitisha kulitazama, lakini kingo zake zilikuwa zimevimba na kujikunja kuelekea ndani kama midomo, gome jipya laini likifunika mbao kavu. Mti ulikuwa unajiziba. Donda linalonitia wasiwasi ni lile ambalo kingo zake zimedidimia, zina nyufa, zinavuja utomvu mweusi, na kila mwaka linazidi kulizunguka shina.

Basi ukabaki uyoga. Nilimwomba aondoe ndoo, afagie udongo na majani shinani, apige picha pande zote nne, na aweke rula kando ya uyoga bila kuung'oa. Picha zilipofika, mgongo wa uyoga ulikuwa mgumu, unang'aa, wenye vumbi la kahawia kama kakao, na chini yake kulikuwa na vitundu vidogo sana. Hii ni jamii ya Ganoderma, kuvu wanaoozesha mbao. Ukingo mweupe maana yake ungali unakua. Tena tunaouona ni tunda tu. Kuvu wenyewe wamo ndani ya mbao na mizizi, na huwa wamekula muda mrefu kabla ya kuzaa tunda hilo.

Hapa watu huniuliza: mbona juu bado kuna uhai? Maji hupandia kwenye mbao changa za nje, karibu na gome. Kiini kinaweza kuoza kabisa na matawi yakaendelea kustawi. Majani mengi juu ya shina bovu ni hatari zaidi, maana ndiyo yanayokamata upepo.

Picha haikuweza kuniambia mbao nzima zimebaki unene gani, kwa hiyo nilikwenda. Mzunguko wa shina ulikuwa sentimita 188, yaani nusu kipenyo kama 30. Niligonga kwa nyundo ya mpira: upande wa donda ulijibu kwa mlio mkavu, upande wa uyoga ukalia kama ngoma. Nikatoboa kwa keekee nyembamba sehemu tatu tu, kwa sababu kila tundu ni mlango mpya wa kuvu. Mbao ngumu inatoa unga mkavu na inabisha. Ukifika penye uozo keekee inazama ghafla. Upande wa donda nilipata sentimita 14, ubavuni 11, chini ya uyoga 4.

Kipimo kinachotumika sana, cha mtafiti Mjerumani Claus Mattheck, ni kwamba ukuta uliobaki usipungue asilimia 30 ya nusu kipenyo. Hapa ni sentimita 9. Kinafaa kwa shina la mviringo lenye uwazi katikati. Uozo ukiegemea upande mmoja, kama huu, sikitegemei peke yake. Lakini 4, upande ule ule wenye matawi mawili yaliyokufa, na jiko likiwa ndani ya urefu wa mti? Nilimshauri ukatwe, akakubali.

Kisiki kilipobaki wazi, mbao za upande wa uyoga zilikuwa nyeupe, nyepesi, zinakamulika kama sifongo. Chini ya lile donda zilikuwa ngumu. Kisiki tukakichimbua pamoja na mizizi minene, kwa kuwa kuvu hawa huendelea kuishi humo, na mwembe wake mchanga ulikuwa hatua sita tu kutoka hapo.