Panki na hevi metali: sikiliza mkono unaopiga nyuzi

Wanafunzi wangu wa gitaa wengi wamekulia kwenye dansi na rumba, ambako kila noti ya solo husikika safi. Nikiwawekea panki na hevi metali, husema zote ni kelele moja. Siwalaumu, maana zote mbili huanzia kwenye amplifaya iliyofunguliwa mpaka sauti ikakwaruza. Ila kila moja ilikuwa na ugomvi wake na roki iliyoitangulia, na ugomvi huo unasikika mkononi mwa mpiga gitaa.

Metali ndiyo kaka mkubwa. Black Sabbath walitoka Aston, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani jijini Birmingham, Uingereza, na walianza kama bendi ya bluzi. Nyimbo za mahipi za amani na maua hazikufanana na maisha ya kwao. Mpiga gitaa Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani akiwa na miaka 17. Kwa kuwa ni mashoto, vidole vilivyoumia ni vya mkono wa kulia, yaani ule unaobana nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki iliyoyeyushwa, akafunga nyuzi nyembamba, na kufikia albamu ya 1971 alikuwa akizilegeza kwa nusu-toni tatu katika baadhi ya nyimbo. Nyuzi zilizolegea hubanika kwa urahisi, na sauti yake hushuka na kuwa nzito. Alitegemea sana kordi ya noti mbili: ya msingi na ya tano yake. Noti ya tatu, ile inayoupa wimbo uchangamfu au huzuni, huvurugika amplifaya inapokwaruza. Hizi mbili hubaki imara.

Chukua wimbo unaofungua albamu yao ya kwanza, ya Februari 1970, wenye jina lilelile la bendi. Baada ya mvua na kengele, gitaa linapiga noti tatu polepole: G, kisha G ya oktava ya juu, kisha C#, ambayo iko katikati kabisa ya oktava. Sikio linangoja noti hiyo ya mwisho itue mahali, nayo haitui. Bluzi huzunguka kwenye kordi zake na kurudi ilikoanzia. Hapa unaachwa njiani. Ubeti ukiingia gitaa linapungua, na Ozzy Osbourne anaimba kwa sauti ya juu, nyembamba, ya mtu aliyeona kitu cha kutisha, bila madoido ya waimbaji wa bluzi. Kwenye “Iron Man” anafuata melodi ileile ya gitaa, hivyo sauti yake inakuwa kama gitaa jingine.

Majirani zao Judas Priest waliisukuma mbele njia hiyo kwa magitaa mawili na mwimbaji Rob Halford. Msikilize mwishoni mwa “Victim of Changes” ya 1976, anavyopanda mpaka kwenye ukelele mkali. Hiyo ni sauti ya mtu mwenye ustadi, na anataka ujue.

Ustadi wa kujionyesha ndio uliowachosha watu wa panki. Roki ilikuwa imerefuka mno: mwaka 1973 bendi ya Yes ilitoa albamu ya santuri mbili yenye nyimbo nne tu. Ramones, vijana wa Forest Hills huko Queens, New York, walijibu mwaka 1976 kwa nyimbo 14 ndani ya nusu saa hivi.

Mpiga gitaa wao Johnny Ramone hakuiacha noti ya tatu kama Iommi. Alibana kordi kamili kwa kidole kilicholala juu ya nyuzi zote, akapiga kwa mkono wa kwenda chini tu, bila kuurudisha juu kwa pigo. Wapigaji wengi hupiga chini na juu, na pigo la juu huwa jepesi. Yake yote yana uzito mmoja, kama cherehani. Jaribu “Blitzkrieg Bop” kwa kasi yake halisi, karibu mapigo sita kwa sekunde, uone kiwiko kitakavyowaka kabla ya dakika mbili kuisha. Solo haipo. Ukiwa na spika za masikioni toa ya kushoto: katika albamu ile gitaa limewekwa kulia na besi kushoto, kwa hiyo utalisikia gitaa bila besi.

Joey Ramone naye haimbi kwa kupanda. Anakatiza maneno kwa kwikwi ndogo, anayavuta kwa puani, na melodi yenyewe ni ya kipop kabisa, ya roki ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndiyo maana siwaamini wanaosema panki ilikataa yote yaliyopita. Ilikataa miaka michache tu iliyokuwa nyuma yake.

Mtego upo kwa Sex Pistols wa London. Katika albamu yao ya 1977, Steve Jones alirekodi gitaa juu ya gitaa, tabaka kwa tabaka, na kwa unene huo mtu anaweza kudhani ni metali. Hapo achana na gitaa, fuata mdomo wa Johnny Rotten: anakwaruza herufi ya r, anaburuta mwisho wa neno kwa dharau, na noti akiikosa haifuati.