Kuitoa mirunda kwenye picha ya nyumba bila kubuni ukuta

Mwezi Juni dalali mmoja wa hapa Mtwara alinipigia simu kuhusu nyumba ya ghorofa moja kule Shangani. Mwenye nyumba alikuwa anapaka rangi upya, mpangaji wa kutoka Dar es Salaam anataka kuona picha wiki hiyohiyo, na mbele ya nyumba kumesimama mirunda na mbao za mafundi kuanzia chini mpaka kwenye gata. Akaniambia, "Dada, wewe piga tu hivyohivyo, halafu utaifuta kwenye kompyuta."

Kufuta inawezekana. Swali ni utaweka nini mahali pa mrunda. Ukiuchagua kwenye Photoshop na kubonyeza `Content-Aware Fill`, programu huchukua vipande vya jirani na kuvibandika. Kwenye anga haina shida. Kwenye ukuta wenye grili, mstari wa linta na madoa ya mvua, itakuletea grili isiyonyooka na doa lilelile mara tatu. Kubwa zaidi, itakuonyesha ukuta ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona. Mpangaji hakodi ukuta wa kubuni. Kwa hiyo mimi ukuta wa nyuma ya mrunda naupiga picha, siuchori.

Inawezekana kwa sababu mrunda hauko ukutani, umesimama mbele yake. Funga jicho moja, nyoosha kidole mbele ya uso, kisha sogeza kichwa: kidole kinahama na kufunua kilichokuwa nyuma yake. Pale Shangani nilisimama mita 12 kutoka ukutani, na mirunda ilikuwa mita 1 mbele ya ukuta, yaani mita 11 kutoka kwangu. Kwa umbali huo, kila nikisogea mita 1 kando, mrunda unahama kama sentimita 9 juu ya ukuta. Mrunda wenye unene wa sentimita 10 unaficha kama sentimita 11 za ukuta, kwa hiyo hatua ya mita moja na nusu inatosha kuufunua ukuta wote uliokuwa nyuma yake. Nilipiga sehemu saba, kila moja mita 1.5 kutoka nyingine, nikitembea sambamba na ukuta. Mirunda yenyewe ilikuwa imeachana karibu mita 2, kwa hiyo hakuna mrunda uliohama mpaka ukafika mahali pa mwenzake. Kila kipande cha ukuta kilifichwa na mrunda uliosimama katika picha moja tu kati ya saba, au hakikufichwa kabisa.

Mbao za kukanyagia ndizo zinazowashinda wengi. Zimelala, na ukitembea kulia na kushoto siku nzima, ubao unabaki kwenye mstari uleule. Ubao unafunuliwa kwa kupanda na kushuka. Nilitumia fimbo ya alumini ya mita 5, kamera juu, naibonyeza kwa simu, na nikarudia sehemu zilezile saba kwa kimo tofauti: mita 1.6, mita 3 na karibu mita 4.5. Ukiwa chini ya ubao unaona ukuta ulio chini yake, ukiwa juu unaona ulio juu yake. Inabaki tepe nyembamba, ya sentimita chache, pale ubao unapokaribia kugusa ukuta. Hiyo haionekani kutoka popote, na hapo ndipo pekee nilipotumia `Clone Stamp`, kwa kuchukua rangi ya ukuta mtupu sentimita chache juu yake.

Kivuli ni habari nyingine. Mrunda unahama ukisogea wewe, lakini kivuli chake kimelala ukutani na hakikujali umesimama wapi. Kinahama jua likihama tu. Hapa bahati ilikuwa yetu. Mtwara iko nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, na mwezi Juni jua linachomoza, linapanda na kuzama likiwa upande wa kaskazini. Ukuta unaotazama kusini haupigwi na jua mwezi mzima, na nyumba hii ilitazama kusini. Ingekuwa Desemba, ningesubiri siku ya mawingu. Kamera niliifunga kila kitu: `f/8`, `1/60`, `ISO 100`, rangi ya mwanga kwa mkono, fokasi kwa mkono. Ukiiacha ijipangie yenyewe, picha ya tatu itakuwa ya manjano kidogo na viraka vitaonekana hata kwa simu.

Uzio wa mabati mbele ya nyumba sikupambana nao. Bati halina mwanya. Usogee usisogee, nyuma yake huoni kitu. Nilimwendea fundi mkuu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Nikamweleza. Akamwita kijana, akafungua waya wa kufungia nondo, mabati manne yakalazwa chini kwa muda wa kupiga picha zangu, kisha yakarudishwa. Saa mbili za kompyuta ziliokolewa na koleo. Siku hizi kabla ya kufungua begi la kamera naangalia kwanza nini kinaweza kuhamishwa kwa mikono: ngazi, ndoo za rangi, turubai, toroli.

Nyumbani kazi ya kwanza ni kulinganisha picha. Usiiachie `Auto-Align Layers` peke yake. Inatafuta vitu vyenye mistari mikali, na katika picha hizi kitu chenye mistari mikali kuliko vyote ni mirunda. Mara nyingi utakuta imelinganisha mirunda vizuri sana, na ukuta ndio unaotikisika, kinyume kabisa cha unachotaka. Mimi nachagua pembe nne zilizo kwenye uso wa ukuta, kwa kawaida pembe za nje za madirisha mawili ya mwisho, moja kila upande, kisha navuta kila leya kwa `Edit > Transform > Distort` mpaka pembe zikae juu ya pembe. Zima na uwashe leya: ukuta ukitulia na mirunda ikirukaruka, umepatia.

Baada ya hapo kila nukta ya ukuta ina thamani nyingi, na nyingi kati ya hizo ni ukuta halisi. Ukizipanga kuanzia nyeusi hadi nyeupe na kuchukua ya katikati, mrunda unapotea wenyewe, maana unatokea mara chache mno kufika katikati. Photoshop inafanya hivyo ukichagua leya zote na kubonyeza `Layer > Smart Objects > Convert to Smart Object`, kisha `Layer > Smart Objects > Stack Mode > Median`. Asiye nayo anaweza kuzihifadhi picha zilizolinganishwa na kutumia ImageMagick:

```
magick ukuta-*.tif -evaluate-sequence median ukuta.tif
```

Sharti ni moja: kila sehemu ya ukuta ionekane katika zaidi ya nusu ya picha unazoingiza. Kwenye mistari ya mbao sharti hilo linavunjika kirahisi, kwa hiyo pale nilichagua picha za kimo kinachofaa na kuzipaka kwa maski, ubao mmoja mmoja.

Ukuta ukatoka safi. Madirisha yakatoka mabaya, na ni lazima yatoke mabaya. Fremu na grili zimeingia ndani ya ukuta sentimita 15 hivi. Umelinganisha uso wa ukuta, na kilicho nyuma ya uso huo kinahama karibu sentimita 2 kila hatua. Grili inakuwa mbilimbili, kama inayotetemeka. Kwa hiyo nina picha moja mama, ya katikati, na madirisha yote yanatoka humo. Mrunda ukipita juu ya dirisha, dirisha hilo nalifanyia kazi yake peke yake.

Dirisha la juu upande wa mashariki mrunda ulilipasua katikati. Nilichukua picha ya kushoto na ya kulia kwake, nikazilinganisha upya, safari hii kwa pembe za grili badala ya pembe za ukuta, nikapaka grili tu kwa maski, kisha kingo za dirisha nikazirudisha kutoka picha mama. Nikadhani nimemaliza. Nilipokuza picha nikaona mstari hafifu, wima, ndani ya kioo. Ulikuwa mrunda uleule, taswira yake kiooni. Taswira hukaa nyuma ya kioo kwa umbali uleule ambao mrunda uko mbele yake, na ukisogea inahama upande wa pili. Habari njema ni kwamba kwa kuwa inahama, inafunuliwa kwa njia ileile. Nilichukua kioo cha upande mmoja kutoka picha ya kushoto na cha upande wa pili kutoka picha ya kulia.

Minazi nayo usiichanganye. Juni kusi linavuma, makuti hayatulii, na thamani ya katikati inayageuza ukungu wa kijani. Miti na anga vyote nilivitoa kwenye picha mama.

Kilichofunuliwa nyuma ya mirunda ni nini? Nusu ya magharibi ilikuwa na rangi mpya. Ya mashariki bado, na kutoka pembe ya chini ya dirisha lile kulikuwa na ufa mwembamba ukishuka kama sentimita 40. Dalali alipoona picha alifurahi, kisha akasema, "Dada, na huo ufa si ungeufuta hapohapo? Rangi nayo ujazie, wanamaliza wiki ijayo."

Nilikataa, na ningekataa tena. Mirunda ni ya mafundi, itaondoka nao. Ufa ni wa nyumba. Rangi ambayo haijapakwa haipo, hata ndoo zikiwa pale chini. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini hata isingekuwapo, mpangaji angefika na kuuona. Ningekataa vilevile kufuta kreni ya kiwanja cha jirani kama jengo linalopanda litaziba upepo na bahari: hiyo kreni ndiyo taarifa yenyewe.

"Kaka," nikamwambia, "mwonyeshe fundi huo ufa kwanza. Wakiuziba na kupaka, nakuja kupiga upya, hulipi."

Picha ilitumwa na ufa wake, na maelezo chini: mirunda ya mafundi imeondolewa kwenye picha, rangi ya upande wa mashariki inaendelea. Kabla ya kuituma niliipitia kwa ukubwa wa 100%, nikianzia chini, kwenye udongo. Juu mirunda ilikuwa imetoweka yote. Chini, kando ya ngazi, kulikuwa na shimo moja dogo la mguu wa mrunda lenye mchanga umerundikwa pembeni, na mrunda wenyewe haupo. Nililiacha. Lilikuwa pale kweli.