Msokoto wa ganda kwenye kokteli ni nini?

Ni ukanda mwembamba wa ganda la chungwa, limau au balungi unaobinywa juu ya kinywaji ili mafuta yake yarukie ndani. Mafuta hayo hayamo kwenye maji ya tunda. Yamo kwenye vifuko vidogo vya ngozi ya juu, vile vidoadoa unavyoviona ukilisogeza chungwa karibu na jicho. Chini yake kuna nyama nyeupe isiyo na mafuta, chungu, na hiyo ndiyo haitakiwi.

Chukua Negroni, kokteli ya Kiitaliano: jin, Kampari na vermuti nyekundu, mililita 30 kila kimoja, zikorogwe na barafu. Chungwa liwe limeoshwa kwa maji ya vuguvugu, hasa lile la dukani lililopakwa nta, na lisiwe limetoka kwenye friji sasa hivi, maana ganda baridi hutoa mafuta kidogo. Rangi isikusumbue. Machungwa ya pwani huiva yakiwa kijani na mafuta yamo tele.

Kata kwa kisu kikali au kimenyeo, ukanda wa upana wa sentimita 2 hadi 3 na urefu wa 6 hivi. Mkono uwe mwepesi kama wa muuza machungwa wa barabarani, anayeondoa ngozi ya juu tu na kuliacha tunda jeupe. Geuza ukanda: ukiona vidoa vya vifuko kwa ndani, umekata sawa. Ukiona weupe mtupu, ulaze upande wa rangi ukiwa chini, kisha pitisha kisu kibapa uuparue. Usiumalize weupe wote. Ukanda mwembamba mno hulegea na haubinyiki vizuri.

Sasa ushike kwa kingo zake ndefu, rangi ielekee glasi, sentimita 5 hivi juu yake, ubinye mara moja kwa nguvu. Wengi huugeuza, mafuta yakaishia vidoleni. Yakifika, utaona mng'ao mwembamba juu ya kinywaji, kwa kuwa mafuta huelea, na ndiyo maana pua huyapata kabla ya ulimi. Usipouona mng'ao, huenda ganda lilikatwa asubuhi likakauka. Kata kinywaji kinapoagizwa.

Pangusa mdomo wa glasi kwa upande wa rangi, kisha tumbukiza. Hapa ndipo weupe ulioachwa hulipiza: pombe huuvuta uchungu wake taratibu, na Kampari tayari ni chungu. Kama ganda lina weupe mwingi na huna muda wa kuuparua, libinye kisha ulitupe, harufu itabaki.

Ndimu ina ngozi nyembamba, kwa hiyo hukatika ovyo. Tena mafuta na maji yake yakipigwa na jua mkononi huweza kuunguza ngozi hadi malengelenge, na hayo hutokea baada ya siku moja au mbili. Anayehudumu baa ya ufukweni aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kutoka nje.